Timu Tatu, Pointi Tisa: Kupanga Msimamo kutoka Picha ya Matokeo

Tarehe 8 Oktoba 2011, kwenye Uwanja wa Mbombela mjini Nelspruit, Afrika Kusini walitoka suluhu na Sierra Leone katika mechi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2012. Dakika za mwisho wenyeji hawakuonyesha haraka yoyote ya kutafuta bao. Kipenga kilipolia, wachezaji wa Bafana Bafana walishangilia na kucheza uwanjani, na mashabiki wakashangilia nao. Waliamini wamefuzu. Muda si mrefu ikabainika kwamba tiketi imekwenda kwa Niger, ambao siku hiyohiyo walikuwa wamechapwa 3-0 na Misri jijini Cairo. Chama cha soka cha Afrika Kusini kilikata rufaa kwa Shirikisho la Soka Afrika, CAF, kisha kikaiondoa, kwa sababu kanuni ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo na haikuwa na utata.

Kundi lile ni darasa zuri kwa yeyote anayependa kupanga msimamo mwenyewe. Wengi wetu sasa tunafanya hivyo: mtu anarusha kwenye kundi la WhatsApp picha ya skrini yenye matokeo ya mechi, bila msimamo, na papo hapo ubishi unaanza kuhusu nani anaongoza na nani ametoka. Kujumlisha pointi ni kazi ya dakika chache. Ugumu uko mwanzoni, katika kuisoma picha, na uko mwishoni, katika kuzitenganisha timu zilizolingana. Tuchukue matokeo yote ya kundi lile kana kwamba yametufikia kama picha moja, tuyapange hatua kwa hatua, tuone Afrika Kusini walipotelea wapi.

Timu ya kwanza kutajwa kwenye kila mstari ndiyo iliyokuwa nyumbani:

```
Afrika Kusini  2-0  Niger
Misri          1-1  Sierra Leone
Niger          1-0  Misri
Sierra Leone   0-0  Afrika Kusini
Afrika Kusini  1-0  Misri
Niger          3-1  Sierra Leone
Sierra Leone   1-0  Niger
Misri          0-0  Afrika Kusini
Sierra Leone   2-1  Misri
Niger          2-1  Afrika Kusini
Afrika Kusini  0-0  Sierra Leone
Misri          3-0  Niger
```

Kabla ya kugusa pointi, hesabu mistari. Timu nne zikicheza nyumbani na ugenini, kila moja inawakaribisha wapinzani watatu, kwa hiyo mechi ni nne mara tatu, yaani 12. Ligi ya timu 16, kama Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilivyo sasa, ina mechi 16 mara 15, yaani 240, na kila raundi ina mechi nane. Baada ya hapo angalia kila timu imetokea mara ngapi. Katika orodha yetu kila timu inatokea mara sita, mara tatu upande wa kushoto na mara tatu upande wa kulia. Timu ikitokea mara tano tu, ama picha imekatwa chini, ama kuna kiporo. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na huwezi kuendelea mpaka ujue ni lipi. Kiporo hakihesabiwi popote mpaka kichezwe, lakini mstari uliokatwa ni mechi iliyochezwa ambayo wewe huioni.

Namba zenyewe nazo zinahitaji jicho. Programu nyingi za simu huonyesha mechi inayoendelea kwa namna ileile zinavyoonyesha iliyokwisha, isipokuwa pembeni kuna dakika, mara nyingi kwa rangi nyingine. Aliyepiga picha dakika ya 70 amekuletea matokeo ambayo bado hayajawa matokeo. Baadhi ya programu huweka mabao ya kipindi cha kwanza kwa tarakimu ndogo karibu na mabao ya mwisho. Mechi za mtoano huongezewa mabano yenye mikwaju ya penalti, na mikwaju hiyo haiingii kwenye mabao ya kufunga wala ya kufungwa. Vifupisho vya majina navyo vinapotosha. NIG ni Niger lakini NGA ni Nigeria. COD ni Kongo ya Kinshasa lakini CGO ni Kongo ya Brazzaville. GUI, GNB na EQG ni nchi tatu tofauti zenye jina Guinea ndani yake. Hata mpangilio wa kushoto na kulia si sheria ya dunia nzima, kwa sababu orodha za Kimarekani huanza na timu mgeni. Ukiwa na shaka, tafuta kwenye picha mechi moja ambayo unajua kwa hakika ilichezewa uwanja gani, uitumie kujua upande upi ni wa wenyeji.

Sasa andika kila mechi mara mbili, kwa sababu kila mechi ina timu mbili. Hapa ndipo haraka huwaponza watu. Anayejumlisha kwa kutupa macho juu na chini humwona mshindi akamsahau aliyefungwa. Ni salama zaidi kumaliza timu moja kabisa kabla ya kuhamia nyingine. Tuanze na Niger: walifungwa 2-0 na Afrika Kusini, wakawafunga Misri 1-0, wakawafunga Sierra Leone 3-1, wakafungwa 1-0 na hao hao Sierra Leone, wakawafunga Afrika Kusini 2-1, wakafungwa 3-0 na Misri. Wameshinda tatu, wamepoteza tatu, hawana sare. Wamefunga mabao sita na kufungwa manane, kwa hiyo tofauti ya mabao ni kutoa mbili. Ukifanya hivyo kwa timu zote nne unapata jedwali hili:

| Timu | Mechi | Shinda | Sare | Poteza | Funga | Fungwa | Tofauti | Pointi |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Afrika Kusini | 6 | 2 | 3 | 1 | 4 | 2 | +2 | 9 |
| Sierra Leone | 6 | 2 | 3 | 1 | 5 | 5 | 0 | 9 |
| Niger | 6 | 3 | 0 | 3 | 6 | 8 | -2 | 9 |
| Misri | 6 | 1 | 2 | 3 | 5 | 5 | 0 | 5 |

Nimelipanga jinsi wengi wangelipanga: pointi kwanza, kisha tofauti ya mabao. Kwa mpango huo Afrika Kusini wako kileleni. Tuache kidogo suala la nani yuko juu ya nani, tuulize kwanza kama tarakimu zenyewe ni sahihi.

Jedwali la ligi linajikagua lenyewe, na inasikitisha kwamba wachache wanalitumia jambo hilo. Kila bao lililofungwa na timu moja limefungwa dhidi ya nyingine, kwa hiyo jumla ya safu ya kufunga lazima ilingane na jumla ya safu ya kufungwa. Hapa zote ni 20. Kwa sababu hiyohiyo, ukijumlisha tofauti zote za mabao lazima upate sifuri: mbili, toa mbili, na sifuri mbili. Jumla ya ushindi lazima iwe sawa na jumla ya kupoteza, nayo ni nane na nane. Jumla ya sare za timu zote lazima igawanyike kwa mbili, na hapa ni nane, maana yake mechi nne zilikuwa sare. Mwisho ni pointi: mechi yenye mshindi hutoa pointi tatu, mechi ya sare hutoa mbili. Mechi nane zilizokuwa na washindi zinatoa 24, sare nne zinatoa nane, jumla 32. Tisa mara tatu kujumlisha tano ni 32. Jedwali limefunga.

Ukaguzi huo una mpaka wake, na mpaka huo ni muhimu kuliko ukaguzi wenyewe. Unakamata makosa ya kujumlisha, na unakamata timu uliyosahau kuiandikia mechi. Haukamati kosa la kusoma. Chukua mstari wa Niger 2-1 Afrika Kusini, ukauandika kinyume, yaani Afrika Kusini ndio walioshinda. Afrika Kusini watapanda hadi pointi 12 na tofauti ya +4, Niger watashuka hadi pointi sita na tofauti ya -4. Jumla ya pointi bado ni 32, na tofauti zote bado zinajumlika kuwa sifuri. Kila kitu kinafunga na msimamo wote ni wa uongo. Vivyo hivyo ukisoma 3 mahali palipoandikwa 8 kwenye picha iliyofifia: utalihesabu kosa hilo kwa uaminifu pande zote mbili na jedwali litakubali.

Dawa ya kosa la kusoma ni macho mengine. Mtu mmoja asome picha kwa sauti, mwingine afuate orodha uliyoandika. Kama hauna mtu, soma orodha yako kutoka chini kwenda juu, mstari kwa mstari, ukiilinganisha na picha, kwa sababu ukirudia njia uliyopita mwanzo jicho huona linachotarajia. Na kama kuna msimamo uliochapishwa popote, hata wa raundi iliyopita, utumie kama kituo cha kuanzia. Kabla ya mechi za tarehe 8 Oktoba, Niger walikuwa na pointi tisa, Afrika Kusini nane, Sierra Leone nane na Misri mbili. Orodha yetu ikiondolewa mistari miwili ya mwisho lazima itoe tarakimu hizo hizo. Isipotoa, kosa liko kwenye raundi tano za nyuma.

Wengi sasa huingiza matokeo kwenye Excel au programu inayofanana nayo. Ni njia nzuri mradi mabao ya kila timu yawe na safu yake. Ukiandika 2-1 kwenye kisanduku kimoja, programu inaweza kuigeuza kuwa tarehe, na usipoangalia utakuwa na mwezi mahali pa matokeo. Weka timu ya nyumbani kwenye safu A, mabao yake B, mabao ya wageni C, na wageni wenyewe D. Jina la timu unayoihesabu liwe F2. Mabao yake ya kufunga, ya nyumbani na ya ugenini, ni haya:

```
=SUMIF($A$2:$A$13,F2,$B$2:$B$13)+SUMIF($D$2:$D$13,F2,$C$2:$C$13)
```

Mtego mkubwa uko kwenye sare. Mechi ambayo haijachezwa ina visanduku viwili vitupu, na programu ikiulizwa kama vinalingana hujibu ndiyo. Hivyo kiporo kinageuka sare ya bila kufungana na kila timu inapewa pointi moja ambayo haikuitolea jasho. Nimeona misimamo ya ligi za mtaani ikiharibika namna hii mwanzoni mwa msimu, ambapo timu zote zinaanza na pointi lukuki kabla mpira haujapigwa. Ili kuzuia hilo, idai kwanza kwamba kisanduku kisiwe kitupu:

```
=SUMPRODUCT((($A$2:$A$13=F2)+($D$2:$D$13=F2))*($B$2:$B$13=$C$2:$C$13)*($B$2:$B$13<>""))
```

Sasa turudi kwa timu zetu tatu zenye pointi tisa kila moja. Kuna njia mbili kubwa za kuzitenganisha, na dunia ya soka imegawanyika kati yake. Njia ya kwanza hutazama tofauti ya mabao ya mechi zote. Ligi Kuu ya England inafanya hivyo: pointi, tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga. Njia ya pili hutazama kwanza mechi ambazo timu zilizolingana zilikutana zenyewe, na tofauti ya jumla husubiri nyuma. Ligi Kuu ya Hispania inafuata njia hiyo, na CAF waliitumia katika mechi zile za kufuzu. Hakuna njia iliyo ya asili zaidi ya mwenzake. Ya kwanza inamlipa anayefunga mabao mengi dhidi ya timu dhaifu. Ya pili inamlipa aliyewashinda wapinzani wake wa karibu. Lakini lazima ujue unacheza chini ya ipi, na jibu hilo halimo kwenye picha ya matokeo. Limo kwenye kanuni za mashindano.

Kwa njia ya pili unatengeneza jedwali dogo. Unachukua timu zilizolingana pointi, unafuta kila mechi iliyomhusisha mtu mwingine, kisha unahesabu upya kana kwamba mechi zilizobaki ndizo mashindano yote. Hapa anayefutwa ni Misri. Zinabaki mechi sita:

```
Afrika Kusini  2-0  Niger
Sierra Leone   0-0  Afrika Kusini
Niger          3-1  Sierra Leone
Sierra Leone   1-0  Niger
Niger          2-1  Afrika Kusini
Afrika Kusini  0-0  Sierra Leone
```

Niger wana ushindi mara mbili na kupoteza mara mbili: pointi sita. Afrika Kusini wana ushindi mmoja, sare mbili na kupoteza mara moja: pointi tano. Sierra Leone vilevile tano. Niger wanaongoza kwa pointi moja, na mabao hayajaulizwa hata kidogo. Kichapo cha 3-0 pale Cairo kilichoharibu tofauti yao ya mabao kimefutwa pamoja na Misri.

Jambo linalonivutia zaidi katika kundi hili, na ambalo hata wapenzi wengi wa soka huliruka, ni kwamba kuna mtu angeweza kuijua kanuni ya ana kwa ana na bado akakosea. Tuseme amekumbuka kwamba mechi za wenyewe kwa wenyewe ndizo zinazoamua, akawalinganisha Afrika Kusini na Niger peke yao. Kila mmoja alishinda nyumbani, kwa hiyo pointi ni tatu kwa tatu. Kwa mabao, Afrika Kusini wamefunga matatu na kufungwa mawili katika mechi hizo mbili. Afrika Kusini wako mbele! Kwa tofauti ya jumla wako mbele, na kwa kukutanishwa na Niger wawili tu wako mbele. Wanaanguka pale tu Sierra Leone wanapoingia kwenye jedwali dogo, kwa sababu dhidi ya Sierra Leone Niger walipata pointi tatu, na Afrika Kusini walipata mbili kwa suluhu mbili.

Na Sierra Leone waliingiaje? Kwa suluhu ile ile iliyokuwa ikishangiliwa. Pointi moja waliyoipata Afrika Kusini jioni ile iliwafikisha tisa, na pointi moja ya wapinzani wao iliwafikisha tisa pia. Sare katika uwanja ule isingeweza kuwaacha Afrika Kusini na Niger wawili peke yao. Yeyote aliyekuwa na karatasi na kalamu angeweza kulijua hilo kabla ya mechi kuanza: Niger wakifungwa Cairo, ushindi wa bao moja tu unawapa Afrika Kusini pointi 11 na tiketi, na sare inawapa Niger tiketi. Hesabu hii haihitaji kompyuta, inahitaji kuanza na swali sahihi: ni timu ngapi zitakuwa zimelingana? Kosa la kulinganisha mbili mbili wakati zimelingana tatu ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko yote.

Jedwali dogo likishamtoa mmoja, waliobaki wanatenganishwaje? Afrika Kusini na Sierra Leone bado wana tano kwa tano. Kanuni nyingine huendelea na jedwali dogo lile lile la timu tatu, ambamo Afrika Kusini wana tofauti ya +1 na Sierra Leone -1. Nyingine huamuru uanze upya na hao wawili tu: walitoka suluhu mara mbili, hawana cha kuwatenganisha, basi tofauti ya mabao ya kundi zima inatumika, mbili dhidi ya sifuri. Katika kundi hili njia zote mbili zinawapa Afrika Kusini nafasi ya pili, lakini katika makundi mengine zinaweza kutoa majibu tofauti. Ndiyo maana sentensi ya kanuni inayoeleza timu zinazobaki baada ya mmoja kutoka inastahili kusomwa mara mbili.

Wakati mwingine kukutana ana kwa ana hakuwezekani kabisa, na hapo tofauti ya mabao inarudi kuwa mfalme. Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2019 nchini Misri lilikuwa na makundi sita, na timu nne bora kati ya zile zilizoshika nafasi ya tatu zilifuzu hatua ya 16. Timu hizo hazikuwa zimekutana, kwa hiyo walitazama pointi, kisha tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga. Kenya walikuwa mmoja wao. Kundini walifungwa 2-0 na Aljeria, wakaifunga Tanzania 3-2 katika ile mechi ya majirani, kisha wakafungwa 3-0 na Senegali. Pointi tatu, mabao matatu, wamefungwa saba, tofauti kutoa nne.

Kongo ya Kinshasa nao walimaliza na pointi tatu. Walianza vibaya, wakafungwa 2-0 na Uganda na 2-0 na wenyeji Misri, kisha wakaichapa Zimbabwe 4-0 na tofauti yao ikarudi sifuri. Benin walitoka sare mechi zote tatu na kufikisha tatu, mabao mawili kwa mawili. Afrika Kusini walikuwa na tatu, wamefunga moja na kufungwa mawili. Guinea, waliokuwa wameifunga Burundi 2-0, walikuwa na nne, na Angola mbili. Panga mwenyewe: Guinea, Kongo, Benin, Afrika Kusini, Kenya, Angola. Kongo wako juu ya Benin kwa sababu tofauti zimelingana na wao wamefunga mengi zaidi. Kenya walifunga mabao matatu na Afrika Kusini moja tu, lakini kigezo cha mabao ya kufunga hakifunguliwi mpaka cha tofauti kishindwe kuamua. Toa moja ni bora kuliko toa nne, na mlango ukafungwa hapo. Ukifuata hesabu hadi mwisho utaona kwamba hata kama Kenya wangefungwa na Senegali kwa bao moja tu, wangebaki na kutoa mbili na wangetoka vilevile. Walihitaji sare.

Kuna mambo ambayo picha ya matokeo haitakupa hata ukiisoma kwa uangalifu wote. Kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2018, Japani na Senegali walimaliza kundi lao wakiwa na pointi nne kila mmoja, mabao manne ya kufunga na manne ya kufungwa, na mechi waliyokutana iliisha 2-2. Kilichowatenganisha ni kadi za njano: Japani nne, Senegali sita. Senegali wakarudi nyumbani. Picha yenye matokeo sita ya kundi lile isingeweza kukuambia hilo. Pointi za kukatwa nazo hazionekani kwenye matokeo. Everton msimu wa 2023/24 walivuna pointi 48 uwanjani, lakini walimaliza na 40 kwa sababu walikatwa nane kwa kuvunja kanuni za fedha. Ushindi wa mezani una tabia hiyohiyo: mechi iliyochezwa ikaisha 1-1 inaweza baadaye kuandikwa 3-0, na picha iliyopigwa usiku wa mechi bado inasema 1-1.

Kwa hiyo unapouona msimamo wako umetofautiana na ule wa chama cha soka kwa pointi kadhaa za timu moja tu, wakati mabao yote yanalingana, usitafute kosa la kujumlisha. Tafuta adhabu. Ukitofautiana kwa mabao ya timu mbili kwa kiasi kinacholingana, tafuta mechi moja kati yao uliyoisoma vibaya au iliyobadilishwa mezani. Pointi na mabao yakilingana yote lakini mpangilio ukawa tofauti, basi ninyi wawili mmetumia vigezo kwa mfuatano tofauti, na anayepaswa kusoma tena kanuni ni wewe.

Ninawaomba wanaopanga misimamo ya mabonanza, ligi za kata na mashindano ya shule: mfuatano wa vigezo uandikwe na utangazwe kabla ya mechi ya kwanza, pamoja na maelezo ya nini kifanyike timu tatu zikilingana. Nanyi mnaorusha misimamo kwenye makundi ya simu, andikeni chini yake mambo matatu: tarehe na saa ya matokeo, viporo vilivyobaki, na kigezo kilichotumika kuwatenganisha waliolingana.